Zamu ya Fisi-maji: kisa cha ukweli cha kusimulia siku za mbalamwezi

Wampembe, kama kwingine kando ya Ziwa Tanganyika, dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukishakuwa mpevu, taa hazivuti tena dagaa kama zinavyowavuta wakati wa giza, kwa hiyo mitumbwi hupumzika ufukweni siku kadhaa, na baba, wajomba na kaka wakubwa hulala nyumbani. Siku hizo ndizo za hadithi. Watu wazima wapo, hawana haraka, na uani kuna mwanga wa kutosha watoto kuona uso wa anayesimulia. Kisa kilicho hapa chini nimekitunga kwa ajili ya siku hizo. Kina vipande vinne vifupi, kila usiku kimoja, na kinawafaa watoto wa kuanzia miaka minne hadi minane au tisa. Nitakisimulia chote, na kila kipande kikiisha nitaeleza kwa nini nimekikata pale na mzazi, bibi au mwalimu afanye nini baada ya hapo.

Kwanza nianze na jambo linaloharibu hadithi nyingi za ukweli. Mtoto wetu amekua na Sungura. Sungura anamdanganya Fisi, anamdanganya Simba, anakula asali ya watu na kuondoka salama, na sisi sote tunacheka. Sina ugomvi na Sungura, kwa sababu hadithi zake zinafundisha mnyonge atumie akili mbele ya mwenye nguvu, na hilo ni somo halali. Lakini ukitaka kufundisha ukweli usimwite, hata kwa nafasi ndogo. Mtoto akisikia jina lake tu, tayari yuko upande wa mwongo.

Kosa la pili ni la upande mwingine, nalo ni la kumtisha mtoto. Mwongo analiwa na mamba, mwongo anaota mkia, mwongo anafukuzwa kijijini. Mwaka 2014 Kang Lee wa Chuo Kikuu cha Toronto na wenzake walichapisha jaribio walilowafanyia watoto wa miaka mitatu hadi saba. Mtoto aliketi akikipa mgongo kitu cha kuchezea, akaambiwa asigeuke kukitazama, kisha mtafiti akatoka chumbani kwa muda mfupi. Wengi waligeuka. Mtafiti alirudi, akamsomea mtoto hadithi, ndipo akamuuliza kama alitazama. Hadithi ya kijana aliyedanganya kwamba mbwamwitu amekuja, ambaye mwisho hakuna anayemsaidia, haikuongeza idadi ya waliosema kweli. Ya Pinokio, anayerefuka pua, nayo haikusaidia. Iliyosaidia ni ile ya George Washington akiwa mtoto, aliyekata mti wa baba yake, akakiri, na baba akafurahia ukweli wake. Watafiti walipogeuza mwisho wa hadithi hiyo, ikawa mtoto anadanganya na kuadhibiwa badala ya kukiri na kusifiwa, nguvu yake ikatoweka. Mtoto anajua tayari kwamba uongo ni hatari. Asichokijua ni kitakachompata akisema kweli, na hilo ndilo hadithi inapaswa kumwonyesha.

Sasa kisa chenyewe. Anza kama unavyoanza hadithi zote nyumbani kwako.

*Usiku wa kwanza.* Hapo zamani wanyama wa ufukweni walikuwa na mwamba mpana wa kuanikia dagaa. Dagaa walikuwa wa wote: wa Mdiria, wa Kenge, wa Korongo na wa ukoo mzima wa Fisi-maji. Babu Kiboko ndiye aliyegawa zamu za ulinzi, kwa kuwa yeye anakula majani na hana fungu lake katika dagaa. Alisema hivi: “Asubuhi atalinda Fisi-maji mdogo. Kivuli cha mwembe kikirudi kikajikusanya shinani, zamu ni ya Kenge. Mlinzi ana kazi moja tu. Akiona wingu la mvua, apige mluzi, wote tuje tuanue.” Fisi-maji mdogo alifurahi, maana ilikuwa zamu yake ya kwanza. Alikaa, akageuza dagaa, akakaa tena. Jua likawa kali. Mara akaona mgebuka anang'aa majini, karibu kabisa. Akasema, “Nakwenda mara moja tu.” Akamfukuza mgebuka mpaka mwamba wa nje, mbali na ufuko. Alipogeuka kutazama nyuma aliona wingu jeusi likichungulia juu ya mlima. Akasema moyoni, “Bado liko mbali.” Akazama tena.

Katia hapo, usiongeze hata sentensi. Watoto watasema, “Mvua itanyesha!” Nawe waambie tutaona kesho.

Wanyama hawa sikuwachagua kwa kupendeza. Fisi-maji wanaishi ziwani humu na kweli wanapiga mluzi, kenge anajulikana kwa kuiba mayai, na kiboko hali ila majani. Mtoto wa Wampembe anamjua kila mmoja kwa tabia yake, kwa hiyo huna haja ya kutumia maneno kumweleza. Faida ya pili ni kubwa kuliko hiyo: wanyama hawa wanafanya kazi ya watu. Watafiti wa Toronto walionyesha pia, mwaka 2017, kwamba watoto wa miaka minne hadi sita waliosomewa hadithi ya kugawana vitu yenye wahusika watu waligawa zaidi baadaye, lakini waliosomewa hadithi ileile yenye wanyama hawakubadilika hivyo. Miongoni mwa waliosomewa ya wanyama, waliofuata somo zaidi ni wale waliowaona wanyama hao kama watu. Kwa hiyo mnyama wako lazima afanye kazi ya mtu, tena kazi ambayo mtoto huyu mwenyewe ameshatumwa. Kulinda dagaa juani, kuwageuza, kufukuza kunguru na kutazama mvua ni kazi ya watoto wa ufukweni. Ukimvalisha Fisi-maji taji na kumweka ikulu, umempoteza msikilizaji.

Angalia pia kwamba kosa lenyewe ni dogo. Fisi-maji hakuiba wala hakuumiza mtu, alikwenda kucheza tu. Kosa likiwa kubwa mno mtoto haoni kwamba yeye naye angeweza kulifanya, na hadithi inakuwa ya mtu mbaya fulani wa mbali.

*Usiku wa pili.* Mvua ilishuka kutoka mlimani kama iliyomwagwa. Wanyama walipofika mwambani walikuta dagaa wameloa, wengine wamesombwa na maji. Siku ya pili waliobaki walianza kunuka, siku ya tatu walikuwa wa kutupwa. Babu Kiboko akawaita wote. “Zamu ilikuwa ya nani mvua ilipoanza?” Kenge akasema, “Babu, mimi nilikuwa njiani. Kivuli kilikuwa bado hakijafika shinani.” Korongo akasema, “Unajuaje? Wingu lilifunika jua. Kivuli hakikuwepo.” Mdiria akasema, “Kenge ndiye aliyeiba mayai yangu mwaka jana. Huyu hana ukweli.” Wote wakanong'ona, “Kweli, ni Kenge.” Hapo Babu Kiboko akamgeukia Fisi-maji mdogo. “Mjukuu wangu, wewe ulikuwepo asubuhi. Ulipoondoka, ulimkabidhi Kenge zamu?”

Katia kwenye swali hilo. Hapa ndipo moyo wa kisa ulipo, na nimehangaika na kivuli cha mwembe kwa sababu hii: hakuna shahidi. Jua limefunikwa, kivuli kimepotea, na mahali ambapo zamu moja iliishia na nyingine ilianzia hapajulikani na yeyote ila Fisi-maji. Katika hadithi nyingi za ukweli mwongo anaumbuliwa. Ndege alimwona, nyayo zimebaki, mkia umetokeza. Mtoto anayesikia hivyo anajifunza kufuta nyayo. Ukitaka ukweli uwe uamuzi wa mtu, mpe mhusika wako nafasi kamili ya kudanganya na kuokoka. Tena mpe mtu mwingine wa kubebeshwa, ambaye watu wameshazoea kumshuku. Kenge ana historia yake, na ndiyo maana uongo unakuwa rahisi kusema na mzito kubeba.

Usiku huu unaweza kuuliza swali moja: “Ungekuwa wewe ni Fisi-maji, ungejibuje?” Kisha nyamaza usikilize. Watoto wakubwa watajibu unachotaka kusikia, lakini wadogo mara nyingi watakuambia kweli: “Ningesema nilimkabidhi, nisichapwe.” Usimkemee. Ukimkemea, umemwonyesha papo hapo kwamba hapa nyumbani kusema kweli kuna gharama, na hadithi imekwisha kabla ya mwisho wake. Sema tu, “Ehe, kumbe unaogopa kuchapwa. Haya, kesho tutaona yeye alijibuje.”

*Usiku wa tatu.* Fisi-maji mdogo alitazama chini. Akasema, “Ndiyo, nilimkabidhi.” Basi Kenge akaambiwa asikanyage tena mwambani. Akaondoka bila neno. Fisi-maji alidhani mambo yamekwisha. Jioni Mdiria akaja: “Mwanangu, ulimkabidhi ukiwa wapi?” Akajibu, “Hapo mwembeni.” Asubuhi Korongo akaja: “Ulipomkabidhi, wingu lilikuwa limeshaonekana?” Akajibu, “Halijaonekana.” Kila aliyemuuliza alimwongezea kitu cha kukumbuka. Kisha wanyama wakaanika dagaa wengine, wakamweka Mdiria alinde kutwa nzima. Mdiria alikaa palepale mwambani, macho yake makali yakitazama juu. Hakuona wingu. Mvua ikashuka ghafla kutoka nyuma ya mlima, ikawapiga dagaa mara ya pili. Wanyama wakashangaa. Kenge hayupo, Mdiria hakulala, sasa kosa liko wapi? Fisi-maji alijua. Alijua kitu ambacho hakuna mwingine aliyekijua.

Katia hapo. Watoto watauliza ni kitu gani, na ni vizuri walale wakikitafuta. Wa Wampembe wana nafasi nzuri ya kukipata wenyewe. Nyuma ya kijiji kuna mteremko mkali unaopanda kwenda uwanda wa Ufipa, na aliyesimama chini yake haoni wingu lililo nyuma ya ukingo mpaka limfikie kichwani. Aliye mbali majini analiona mapema. Kesho yake mchana mpeleke mtoto asimame karibu na mlima, kisha asogee hadi ukingoni mwa maji, atazame tofauti kwa macho yake.

Hiki kipande ndicho nilichokifikiria kwa muda mrefu kuliko vingine. Kwa kawaida tunawaambia watoto kwamba uongo ni mbaya kwa sababu ni dhambi au kwa sababu utagunduliwa. Yote mawili yana nafasi yake, lakini lipo jambo la tatu ambalo hata mtoto wa miaka mitano analishika akilionyeshwa kwa vitendo: uongo unawafanya watu warekebishe kitu kisicho na kasoro. Wanyama walimfukuza Kenge wakadhani wamemaliza, na chanzo chenyewe, yaani mahali pabaya pa kulindia, kikabaki. Dagaa wakaoza tena. Hapo hakuna muujiza wala adhabu kutoka mbinguni. Mvua imefanya kazi yake tu.

Jihadhari usirefushe sehemu ya maswali ya Mdiria na Korongo. Mawili yanatosha. Ukifika manne watoto wataanza kucheka, na Fisi-maji atageuka Sungura mbele ya macho yako.

*Usiku wa nne.* Fisi-maji mdogo alikwenda kwa Babu Kiboko usiku, Kiboko akiwa nchi kavu anakula majani. “Shikamoo, Babu.” “Marahaba, mjukuu wangu. Mbona hujalala?” “Babu, sikumkabidhi Kenge. Zamu ilikuwa yangu. Nilikwenda mwamba wa nje kufukuza mgebuka. Na wingu niliona. Niliona, nikasema liko mbali.” Babu Kiboko alitafuna kwa muda. “Uliliona ukiwa wapi?” “Mwamba wa nje. Kule linaonekana mapema, likiwa bado nyuma ya mlima.” Babu akaacha kutafuna. Asubuhi aliwaita wote, na Fisi-maji akasema tena yale yale mbele yao, sauti ikitetemeka. Kisha akaenda mwenyewe kwa Kenge. “Mjomba, nilikusingizia. Nisamehe.” Kenge akamtazama sana. Akasema, “Leo sina la kukujibu. Lakini nimesikia.” Babu Kiboko akasema, “Dagaa waliooza ni deni lako. Utavua kila asubuhi mpaka ulipe. Na kuanzia leo mlinzi atakaa mwamba wa nje. Wa kwanza kukaa huko ni wewe.” Mdiria akauliza, “Huyu tena?” Babu akajibu, “Huyu. Mwingine nani kati yetu aliyenieleza kosa lake bila kuulizwa?” Siku ya nne mluzi ulisikika kutoka majini. Jua lilikuwa bado linawaka ufukweni. Wanyama wote walikimbia kuanua, na wa kwanza kufika alikuwa Kenge.

Mambo matatu katika kipande hiki usiyabadilishe hata ukipenda kubadilisha mengine. Fisi-maji anakiri kabla ya kugunduliwa. Analipa deni, maana msamaha usio na malipo unamfundisha mtoto kwamba neno “nisamehe” ni sabuni ya kila doa. Na anarudishiwa zamu. Hilo la tatu ndilo thawabu yake, na lazima lionekane kwa tendo, yaani ule mluzi na watu kukimbia kwa kuuamini. Usimpe dhahabu wala binti wa mfalme.

La Kenge nalo liache hivyo lilivyo. Wazazi wengine watataka amkumbatie Fisi-maji palepale. Mtu aliyesingiziwa hasamehi kwa amri, na watoto wanalijua hili vizuri kuliko sisi, kwa sababu wao ndio wanaolazimishwa kupeana mikono na aliyewapiga. Kumwona Kenge akikimbia mbele ya wote kuanua kunatosha.

Kisha nyamaza. Usiseme “hadithi hii inatufundisha nini?” Watoto wa shule wana jibu la swali hilo mfukoni na hulitoa bila kufikiri. Badala yake uliza jambo la ndani ya kisa: kwa nini Babu Kiboko aliacha kutafuna? Mtoto anayeweza kujibu hilo ameshaelewa kwamba ukweli ulileta kitu ambacho watu walikihitaji.

Kila kipande kinasimuliwa kwa dakika tatu au nne. Ukizidisha kumi, umeingiza wahusika wengine au umeanza kuhubiri. Watoto wa chini ya miaka minne watafurahia mluzi na mvua lakini hawatashika jambo la Kenge kusingiziwa. Wasikilize tu na wengine, usiwaulize maswali. Usiku mmoja ukiruka kwa msiba au mgeni, anza unaofuata kwa kuwaomba watoto wasimulie walipoishia. Utasikia mwenyewe walichokishika, na mara nyingine utasikia wamempa Kenge kosa ambalo hujamtaja nalo. Hiyo ni dalili kwamba kipande cha pili ulikisimulia kwa haraka. Rudi kwenye wingu na kivuli, taratibu, kabla ya kusonga.

Kuna siku za kutosimulia kisa hiki kabisa. Hela ikipotea nyumbani, au sukari ikipungua koponi, usikitumie kama ndoano ya kumnasa mwenye kosa. Watoto watatambua mara moja kwamba Fisi-maji ni wao, na tangu siku hiyo kila hadithi yako wataisikiliza kama mashtaka. Kisimulie wakati hakuna kesi.

Kipimo chake hakitakuja usiku ule. Kitakuja wiki kadhaa baadaye, mtoto atakapokuja mwenyewe na kusema amevunja kikombe au amesahau kufunga mbuzi. Wakati huo unaweza kumdai kazi: aokote vigae, aende akamtafute mbuzi. Usimchape kwa kosa alilolileta kwa mdomo wake mwenyewe. Ukimchapa, hata kisa kisimuliwe mara ishirini, atakumbuka zaidi mkono wako kuliko maneno ya Kiboko. Na kama mdogo wake alikuwa ameshapewa lawama za kikombe kile, mwache mkubwa aende kumsafisha jina, kama Fisi-maji alivyokwenda kwa Kenge, wala usimlazimishe mdogo ajibu papo hapo.

Walioko juu, Namanyere, Sumbawanga na vijiji vya uwandani, watahitaji kubadilisha kiasi. Dagaa wawe mahindi au ulezi ulioanikwa uani, Fisi-maji awe Pimbi, ambaye naye hupiga kelele za kuonya wenzake akiwa juu ya miamba, na Kenge awe Nyani, ambaye kila mkulima ana kesi naye. Kivuli cha mwembe kinaweza kuwa cha mti wowote wa hapo. Kinachoshindikana kuhamishwa ni wingu nyuma ya mlima, kwa sababu uwandani wingu linaonekana toka mbali na kila mtu. Hapo weka jambo jingine ambalo mlinzi mtoro peke yake ndiye angeliona: labda alipokuwa bondeni akicheza aliona pengo kwenye boma, ambalo nguruwe pori walipita. Hakikisha tu kwamba ni kitu ambacho wengine wanakihitaji, na kwamba hawawezi kukipata bila yeye kusema alikuwa wapi.